Sindano ya dira haitafuti kaskazini: maswali yenu kuhusu sumaku

Sumaku inavuta msumari lakini sufuria ya alumini haishiki. Si vyote ni chuma?

Hapana, vyote ni metali, lakini chuma ni kimoja tu kati ya metali nyingi. Katika metali za kawaida, zinazovutwa na sumaku kwa nguvu ya kuonekana ni chuma, nikeli na kobalti, pamoja na mchanganyiko wake.

Kila elektroni ndani ya atomu ni kama kijisumaku. Kwenye alumini au shaba, karibu zote zimepangwa mbilimbili zikielekea pande tofauti, basi nguvu zake zinafutana. Kwenye chuma zinabaki elektroni kadhaa zisizo na mwenza, na zaidi ya hapo, atomu jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja. Makubaliano hayo hufanyika kwa vikundi vidogo visivyoonekana kwa macho. Msumari uliotoka dukani una vikundi vingi sana, kila kimoja kikielekea kwake, ndiyo maana msumari huo hauvuti kitu. Ukisogeza sumaku, vikundi vinavyoelekea upande wake vinapanuka na kuvimeza vingine, na msumari wenyewe unakuwa sumaku kwa muda. Kinachotokea hapo ni sumaku mbili kuvutana.

Ukiondoa sumaku, msumari laini husahau karibu kila kitu. Sindano ya kushonea, kwa kuwa ni chuma cha pua kigumu, haisahau: ugumu wake unazuia vikundi kurudi ovyo. Kinachoiharibia kazi ni joto. Chuma kikifika nyuzijoto 770 za Selsiasi, atomu zinatikisika kiasi cha kuvunja makubaliano yao. Shika sindano yenye sumaku kwa koleo kwenye moto wa jiko la gesi mpaka iive nyekundu ya kung'aa, iache ipoe mbali na sumaku, kisha ijaribu kwenye pini: haitavuta tena, au itavuta kidogo mno.

Mtoto ana kazi ya shule ya kutengeneza dira. Tumesugua sindano kwenye sumaku, tumeielesha kwenye maji, lakini haigeuki. Tumekosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye kusugua. Mkono ukienda na kurudi kama unanoa kisu, mpito wa kurudi unafuta kazi ya mpito wa kwenda. Laza sindano mezani, weka ncha moja ya sumaku kwenye tundu la uzi, ivute hadi kwenye ncha kali, kisha inyanyue juu kabisa ya sindano kabla ya kurudi mwanzo. Fanya hivyo mara 40 hivi, kwa upande uleule wa sumaku. Kabla ya kwenda kwenye maji, ijaribu: isipoweza kunyanyua pini ndogo au kuisogeza, endelea kusugua.

Kisha angalia chombo. Bakuli liwe la plastiki, kioo au udongo. Beseni la bati au sufuria ya chuma itaivuta sindano kuliko dunia inavyoivuta. Ilaze juu ya kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, na bakuli liwe pana, kwa sababu kifuniko kikikaribia ukingo hung'ang'ania pale kwa mvuto wa uso wa maji, na watu hudhani dira imeharibika. Funga dirisha, maana upepo mdogo unatosha kuishinda. Na ile sumaku uliyosugulia ipeleke upande wa pili wa chumba, pamoja na simu.

Ikifaulu, utaiona inageuka polepole, inapitiliza, inarudi, halafu inatulia. Ukiisukuma kwa kidole inarudi palepale. Kujua upande upi ni kaskazini, toka asubuhi: ukielekea jua linakochomoza, kaskazini iko mkono wa kushoto. Tia rangi ya kucha kwenye mwisho huo wa sindano. Ncha kali ikielekea kusini, hujakosea kitu. Ni kwamba mwisho wa sindano ambako sumaku inaachia hupata ncha iliyo kinyume na ile uliyosugulia.

Tumefundishwa ncha zinazofanana husukumana. Inakuwaje ncha ya kaskazini ya dira iende kaskazini?

Kwa sababu tuliipa ncha hiyo jina la mahali inakoelekea, kabla hatujajua dunia inafanyaje kazi. Ukiihesabu dunia kama sumaku, ncha yake iliyoko upande wa Aktiki ni ya aina ya kusini. Kanuni mliyofundishwa haijavunjika.

Ina maana ndani ya dunia kuna sumaku kubwa? Nani aliiona?

William Gilbert, tabibu wa Uingereza, aliandika mwaka 1600 kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Alifikia hapo kwa kupitisha sindano juu ya jiwe la sumaku lililochongwa kama mpira na kuona inavyoelekea. Alikuwa sahihi kuhusu umbo la nguvu hiyo, lakini hakuna jiwe la sumaku huko ndani, na haliwezi kuwepo. Kiini cha dunia kina joto la maelfu ya nyuzi, na tayari tumeona kwamba chuma hupoteza usumaku kwenye 770.

Kilichopo ni chuma cha moto kilichoyeyuka, kikichanganyika na nikeli, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi hadi takriban 5,150. Kimiminika hicho hakitulii: cha moto hupanda, kilichopoa hushuka, na mzunguko wa dunia hukisokota. Chuma hupitisha umeme. Kikitembea ndani ya nguvu ya sumaku iliyopo, umeme unazaliwa, na umeme huo unazaa nguvu ya sumaku inayoendeleza ile ya kwanza, kama dinamo inayojilisha yenyewe. Mwendo ukisimama, nguvu hiyo itafifia kidogo kidogo mpaka iishe.

Nguvu hii inazunguka sayari nzima. Inatoka ardhini upande wa kusini, inapinda angani, inaingia tena upande wa kaskazini. Sindano ya dira haitafuti ncha ya mbali kama mshale unavyotafuta shabaha. Inajilaza tu sambamba na mstari wa nguvu unaopita mahali ilipo, kama jani linavyojilaza kwa mkondo wa mto. Ndiyo maana inafanya kazi Mwanza sawa na Lima, na ndiyo maana pia haielekei sawasawa kaskazini ya ramani kila mahali: mistari yenyewe ina mikunjo. Cape Town, kwa mfano, dira huelekea karibu nyuzi 25 magharibi ya kaskazini ya kweli. Pwani yetu tofauti hiyo ni nyuzi chache tu. Na kwa kuwa chuma cha chini kinatembea, ncha ya sumaku ya kaskazini nayo inahama. Baharia Mwingereza James Clark Ross aliifikia kaskazini mwa Kanada mwaka 1831, na tangu hapo imevuka Bahari ya Aktiki kuelekea Siberia.

Ndugu yangu amenitumia dira nzuri kutoka Ulaya. Hapa Dar sindano inainama upande mmoja na kukwaruza chini. Ni mbovu?

Si mbovu, imesawazishwa kwa ajili ya kwao. Mistari ya nguvu haiko mlalo kila mahali. Huko Ulaya mistari hiyo inazama ardhini kwa mwinamo mkali, hivyo upande wa kaskazini wa sindano huvutwa chini. Mtengenezaji hurekebisha kwa kuongeza uzito kidogo upande wa kusini. Mstari ambapo nguvu iko mlalo kabisa, yaani ikweta ya sumaku, hupita Afrika karibu na latitudo 10 kaskazini, kule Ethiopia. Dar iko kusini yake, na hapa mambo yamegeuka: upande wa kusini wa sindano ndio unaovutwa chini. Ongeza na uzito wa Ulaya uliowekwa upande huohuo, lazima ikwaruze.

Kwa matumizi ya haraka, inamisha dira kidogo hadi sindano izunguke huru, usome, ukijua usomaji huo una kosa dogo. Dira za maji zilizofungwa kiwandani usizifungue kusogeza uzito, zitavuja. Ukinunua nyingine, uliza iliyosawazishwa kwa ukanda wetu, au ile iliyotengenezwa kutumika dunia nzima, ambayo sindano yake ina nafasi ya kuinama bila kugusa.

Boti yetu ni ya mbao, dira ilikuwa sawa miaka yote. Tumefunga injini mpya na redio, sasa tukienda Unguja tunatokea pembeni. Tukielekea upande mwingine inasoma vizuri. Kwa nini?

Chuma cha injini na sumaku ya spika ya redio vinasafiri na boti, lakini nguvu ya dunia haigeuki na boti. Ukielekea upande mmoja, chuma hicho kinaivuta sindano kushoto, upande mwingine kinaivuta kulia, na kuna mwelekeo ambao kinavuta kwenye mstari uleule wa dunia, basi kosa halionekani. Kwa hiyo kutia alama moja ya kusahihisha hakutoshi.

Anzeni boti ikiwa imefungwa gatini. Tazameni dira huku mtu akizima na kuwasha redio, kisha taa, kisha injini. Sindano ikiruka, mmempata mhusika. Sogezeni dira angalau mita moja kutoka kwenye injini, na mbali zaidi na spika. Nyaya mbili za betri zinazopita karibu zisokotwe pamoja, ili umeme wa kwenda na wa kurudi ufutane. Halafu tokeni baharini, tafuteni alama mbili za nchi kavu zinazopangana kwenye mstari mnaoujua kwenye chati, zipiteni mkielekea pande nane, na kila mara andikeni tofauti kati ya dira na chati. Bandikeni karatasi hiyo karibu na usukani.

Msiidharau tofauti ndogo. Kosa la nyuzi 3 kwenye safari ya kilomita 70 hukutoa njiani karibu kilomita 3.7, na hapo hatujahesabu mkondo.

Natafuta kibla Zanzibar. Simu na dira ya mkononi hazikubaliani. Nifuate ipi?

Kwanza itenge simu na kava lenye sumaku na meza ya chuma, kisha izungushe hewani kama unaandika namba 8 mara kadhaa, ili ijipime upya. Vipimo vya ndani ya simu huchafuliwa na sumaku ya spika yake yenyewe, na mzunguko huo ndio unaoisaidia kuutoa uchafu.

Kama bado zinatofautiana kwa nyuzi chache, huenda simu inahesabu kaskazini ya kweli, wakati dira inaonyesha ya sumaku. Hesabu ya kibla hufuata ya kweli. Bahati ya Zanzibar ni kwamba Makka iko karibu kwenye longitudo ileile, hivyo kibla ni takriban nyuzi 1 tu mashariki ya kaskazini ya kweli. Nairobi ni kama nyuzi 7. Zikitofautiana kwa nyuzi 20 au zaidi, usigawanye katikati: tafuta nondo. Sakafu ya zege ina nondo nyingi, na ukitoka nje hatua kumi kwenye mchanga mtupu, kwa kawaida zitakubaliana.