Kilomita zangu za Karura zinapotelea wapi?

Swali: Kocha, Jumamosi tumekimbia Karura na rafiki yangu bega kwa bega lisaa limoja. Saa yake imesema kilomita 10, simu yangu ya Android 9.2, na eti mimi kasi yangu ni 6:31. Nani anadanganya?

Jibu: Dada, hapo simu yako ndio nashuku, na hata haijakosea hesabu, imekosa data tu. Wengi hulaumu miti na kweli miti inafifisha signali, lakini signali mbaya mara nyingi inafanya mstari uyumbeyumbe huku na huku na kilomita zinaongezeka, sio kupungua. Kupungua hivyo mara nyingi ni simu kulaza apu ikiwa mfukoni skrini imezima, ndio isave betri.

Fungua ramani ya hiyo mbio uivute karibu. Ukiona njia imekata msituni moja kwa moja kama imechorwa na rula, pahali unajua kabisa mlipinda, basi hapo apu ilikuwa imelala. Ukitaka uhakika toa faili ya GPX uangalie saa za pointi, kawaida zinafuatana sekunde chache chache lakini pahali pameruka utaona kitu kama hii:

```
<trkpt lat="-1.2421" lon="36.8302">
 <time>2025-03-08T04:12:07Z</time></trkpt>
<trkpt lat="-1.2398" lon="36.8341">
 <time>2025-03-08T04:15:57Z</time></trkpt>
```

(Hiyo Z ni saa ya UTC, ongeza masaa 3, kwa hivyo 04:12 ni saa moja na dakika 12 asubuhi.) Katikati zimepita sekunde 230 bila pointi hata moja. Mstari ulionyooka kati ya hizo mbili ni kama mita 500, lakini mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 6 kwa huo muda amemaliza karibu mita 640, so mita 140 za kona zimeenda. Mashimo kama hayo sita tu na hizo mita 800 zako zimeisha. Saa nayo haisimami, dakika 60 gawa kwa 9.2 ndio hiyo 6:31, na mguu wako ulikuwa unakimbia 6:00.

Hizo pointi hazirudi, kwa hii mbio shika tu ile 10 ya rafiki yako. Ya kesho ndio tutengeneze: ingia setingi za hiyo apu, upande wa betri, weka `Unrestricted`, halafu zima `Battery Saver` kabla hujatoka juu kuna simu zingine ikiwashwa inakata GPS skrini ikizima. Kwa ruhusa za lokesheni hakikisha `Use precise location` imewaka. Halafu simama pale geti dakika moja mpaka apu iseme imeshika GPS, ndio ubonyeze start.

Mkikimbia tena na mkatofautiana mita 100 ama 200 kwa kilomita 10, hiyo wacheni, vifaa viwili havikubaliani kabisa. Lakini mstari wa rula ukirudi, nitumie jina la simu, kuna kampuni zinaficha setingi ingine ya pili ya kulaza apu na inabidi tuitafute.