Desemba tuliyoacha kuongea na mtoto

Kila muuzaji wa vichezeo anajua mbinu ya kumpa mtoto mkononi. Mzazi akiingia na mtoto wa miaka mitatu au minne, huanzi na bei wala humuulizi anatafuta nini. Unachukua gari linalowaka taa, unaliwasha, unamkabidhi mtoto. Kuanzia hapo mzazi analipia kumaliza kilio.

Nimeuza hivyo kwa miaka mitano dukani kwangu Sinza, na niliwafundisha wasichana wangu wauze hivyo. Kilichonibadilisha ni mama mmoja aliyekuja siku tatu kabla ya Krismasi na wanawe wawili. Alitaka mpira wa shilingi 8,000. Muuzaji wangu akamshikisha yule mdogo gari la rimoti la 45,000. Mtoto akalikumbatia, akakataa kuliachia, akajitupa chini. Mama alifungua pochi, akahesabu, hazikutosha. Akatoa bahasha ya kaki iliyoandikwa "ADA" kwa kalamu nyekundu, akachomoa noti mbili za elfu kumi. Niliziona nikiwa kaunta, na nikazipokea.

Katikati ya Januari alirudi na gari ndani ya mfuko wa nailoni. Halikuwa likichaji tena. Nyuma ya keshia nilikuwa nimebandika karatasi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Hakuisoma. Aliniambia tu, "Dada, mimi sikuja kununua hiki." Nilimrudishia hela yake yote. Kisha nikakaa na matangazo yangu ya Desemba ile, nikayasoma upya kama mzazi.

Bango la mlangoni lilisema hivi: "Watoto wa Sinza, mwambieni mama Krismasi imefika! Wenzako wote wameshachukua gari lao. Yamebaki matatu tu!" Kwa maneno hayo machache nilikuwa nimekosea mara nne. Nilimsemesha mtoto, ambaye hana pesa. Nilimtuma akambane mama yake. Nilimtia aibu ya kuachwa na wenzake. Na nilidanganya, kwa sababu stoo kulikuwa na boksi zima.

Kosa la kwanza ndilo linalobeba mengine. Mtoto wa chini ya miaka saba au minane hivi huona tangazo, hulifurahia, lakini bado hajaelewa kwamba aliyelitengeneza anataka kuuza. Kwake bango linalosema "wenzako wote wanalo" ni habari ya kweli. Mzazi husoma maneno hayohayo akajua ni biashara. Kumtumia mtoto kumfikia mzazi ni kupita mahali ambapo hakuna mlinzi. Ndiyo maana Kwebeki, kule Kanada, sheria imekataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980. Kampuni moja ya vichezeo iliipinga mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaiacha sheria isimame. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la 2005, uliweka kwenye orodha ya mambo yasiyoruhusiwa kabisa kumhimiza mtoto anunue au awashawishi wazazi wamnunulie. Yaani lile "mwambieni mama" langu lina mahali pake kwenye orodha hiyo.

Sasa, kuacha hayo ni rahisi. Kazi ni kupata cha kusema badala yake, maana Desemba ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Nilikaa na daftari nikaandika maswali ambayo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini, wakati mtoto yuko upande wa pili wa duka. Karibu yote yalikuwa manne: Kinamfaa wa umri gani? Kitadumu? Kinakula betri? Na Januari nitabaki na nini? Tangazo la mwaka uliofuata nililijenga juu ya maswali hayo.

Chukua mfano wa pazo la mbao, picha iliyokatwa vipande 24 ambavyo mtoto huvipanga. Zamani ningeweka picha ya mtoto anaruka juu na maneno "Mfanye awe na akili kuliko wote darasani". Safari hii niliandika: "Pazo la mbao, vipande 24. Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita. Wa miaka mitatu atahitaji ukae naye. Halina betri. Shilingi 18,000. Kipande kikipotea, njoo, tunalo kopo la vipande vya akiba." Picha ilionyesha pazo limepangwa kwenye mkeka, pembeni kuna chupa ya soda, ili mtu aone ukubwa wake halisi. Picha ya kichezeo peke yake hudanganya hata kama hukukusudia. Gari la sentimita 12 linaonekana kama la kupanda.

Jambo lililonishangaza ni nguvu ya kutaja kasoro. Kwenye gari la rimoti niliandika kwamba linachezwa kama dakika 20, kisha linachajiwa saa mbili, na kwamba halifai kwenye mchanga. Niliyapima mwenyewe dukani kabla ya kuandika, nawe ufanye hivyo, usinakili boksi. Baba mmoja aliniambia alikuja kununua kwa sababu ya sentensi ya mchanga. Kwao kuna kibaraza cha saruji, akaona litamfaa.

Kwa wenye watoto wa chini ya miaka mitatu niliweka kipimo ambacho mzazi anaweza kukirudia nyumbani: chukua bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kipande chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto huyo, anaweza kukabwa nacho. Nikaongeza onyo la betri bapa zile za duara kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili, kwa hiyo hapo ni kukimbilia hospitali bila kungoja dalili. Vichezeo ambavyo mfuniko wa betri hiyo haufungwi kwa skrubu niliviondoa rafuni. Vilikuwa vinauzika vizuri, ila sikuona namna ya kuandika onyo hilo huku naviuza.

Muda wa kurusha tangazo nao una maana kuliko nilivyodhani. Mchana simu ya mama iko mikononi mwa mtoto, na stetasi yenye muziki wa katuni inaangaliwa na mtoto. Nikahamia saa tatu usiku, bila muziki. Matangazo ya kulipia nikayaelekeza kwa watu wa miaka 25 hadi 50. Na sikumpiga picha mtoto wa mtu yeyote dukani, hata mzazi aliponiambia hakuna shida.

Swali la nne, lile la Januari, halikujibika kwa maneno. Hapo tulihitaji utaratibu. Tulifungua malipo ya kidogo kidogo kuanzia mwisho wa Oktoba. Baiskeli ya 120,000 inakuwa malipo manane ya 15,000 kila Jumamosi, na katikati ya Desemba umemaliza, bahasha ya ada haijaguswa. Mzigo unawekwa stoo na kikaratasi chenye jina la mzazi. Jina la mtoto haliandikwi, na mtoto haonyeshwi, ili mzazi akibadili mawazo asiwe na kesi nyumbani. Akiacha kabla ya tarehe 10 Desemba anarudishiwa yote. Baada ya hapo nakata 5,000, na hilo linaandikwa kwenye risiti ya kwanza kwa herufi kubwa kama zile za bei.

Ukiiga hili, sikiliza: pesa za malipo hayo si zako mpaka mzigo utoke. Mwaka wa kwanza nilizitumia kuongeza bidhaa, wazazi watatu wakaghairi wiki moja, nikakopa ili kuwarudishia. Sasa zina laini yake ya simu, na siigusi.

Ndani ya duka tulipima kwa futi kamba. Macho ya mtoto wa miaka mitano yako kama mita moja kutoka sakafuni, na huko ndiko nilikokuwa nimepanga vyote vinavyowaka na kulia. Nikavipandisha juu ya mita moja na nusu, na bei nikaiandika kwa maandishi makubwa yanayosomeka. Chini tukaweka meza fupi ya kuchezea: matofali ya kuunganisha, ngoma, mipira. Vya mezani haviuzwi, na tumevipaka doa la rangi ya bluu ili mtoto aelewe vinabaki. Peremende za pembeni mwa keshia zikaondoka. Muuzaji anamsalimia mtoto, anamwacha acheze, kisha anamuuliza mzazi: ana umri gani, hucheza na nani, umepanga kutumia kiasi gani. Kiasi kikishatajwa hakuna kuonyesha cha juu yake mpaka mzazi aombe. Kamisheni ya kuuza kitu cha bei kubwa niliifuta, nikagawa bonasi ya duka zima kwa usawa. Bila hiyo mafunzo yote yangekufa wiki ya pili, maana msichana anayelipwa kwa ukubwa wa risiti atampa mtoto mkononi ukigeuza tu mgongo.

Sitakuficha hasara. Magari ya rimoti niliagiza boksi la 24, yakabaki 14, nikayamaliza mwezi wa pili kwa bei ya kununulia. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mauzo yalikuwa chini ya mwaka uliotangulia. Novemba ndiyo iliyopanda, kwa sababu ya malipo ya kidogo kidogo, na waliokuja Januari na mifuko ya kurudisha walikuwa wawili, wote kwa kasoro ya kiwandani. Ukifanya hesabu tarehe 25 Desemba utaona umeshindwa. Ifanye mwisho wa Januari. Na kama mtaji wako unategemea kabisa wiki ile ya mwisho, anza na bango na wauzaji, agiza vitu vya kung'aa vichache, malipo ya kidogo kidogo yafuate mwaka wa pili.

Kuna mteja mmoja ambaye bado sijampatia dawa kamili: mjomba wa tarehe 24 jioni. Anaingia na haraka, ana pesa, anataka kikubwa kuliko vyote, na umri wa mtoto anauonyesha kwa kiganja, "wa hivi". Huyo hakusoma tangazo lolote. Tunampa kiti na maji, tunamwomba ampigie mama wa mtoto kabla hatujashusha kitu. Wengine hukasirika wakaenda duka la pili. Mwaka jana mmoja alipiga, akasikiliza kidogo, akakata simu akacheka. "Dada yangu anasema magari anayo manne," akaniambia. "Anasema kama nina hela nimnunulie viatu vya shule." Nikamwelekeza duka la viatu, la tatu kutoka langu.