Usiniulize palini ni futi ngapi kabla hujaniambia jointi ziko wapi

Juzi usiku kuna jamaa wa Ruai amenitumia meseji, hata salamu hakuna: "Fundi, mabati geji 30, palini niweke futi ngapi?" Palini ni vile vyuma vya kulala vinavyobeba bati, anauliza ziachane futi ngapi. Nikaisoma nikaiacha. Asubuhi nikaisoma tena nikiwa kwa matatu naenda Kariobangi, nikasema huyu nisipomjibu vizuri atafanya vile nilifanya mimi, na vile nilifanya mimi nililipa na mfuko wangu. Kwa hivyo wacha nieleze yote, hata ile sehemu inaniaibisha.

Kuna kanisa fulani hapa Nairobi, sitalitaja, lilinipa kazi ya holi. Upana mita 12, urefu mita 24, trasi 7, zile fremu za chuma za pembetatu zinazobeba paa, kila moja mita 4 kutoka kwa mwenzake. Kwangu hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimefanya na sitaficha, nilijiona. Nilipiga picha kila trasi ikitoka chini. Mchoro nilikuwa nao, nilikuwa nimelipia injinia kwa holi ingine ya mita 12 miaka miwili kabla, nikaona haina haja kulipa tena, mita 12 ni mita 12. Hapo ndipo shida ilizaliwa, lakini ilichukua muda kuonekana.

Trasi zilikuwa za zigizaga, ile ya mikono, vile vyuma vya ndani, inapanda inashuka bila nguzo za wima. Ukipima mteremko wa upande mmoja, kutoka ukutani hadi kileleni, ni karibu mita 6.2. Mchoro uliugawa mara 5, kwa hivyo kila baada ya mita 1.24 kuna jointi, mahali mikono miwili inakutana na chuma cha juu. Na palini zilichorwa juu ya hizo jointi, si kando. Mabati yaliyoandikwa ni geji 28.

Sasa kamati ikaenda ikapata ofa ya geji 30. Wale hawajui, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mimi nikajua bati jembamba likikaa kwa palini za mita 1.24 litabonyea ukikanyaga na upepo utalicheza, kwa hivyo nikafanya kitu nilidhani ni cha ufundi sana, nikasogeza palini zikaja sentimita 89 hivi, nikapata nafasi 7 badala ya 5. Hiyo ni laini mbili zaidi kila upande, mita 24 mara nne, jumla mita 96, yaani vipande 16 vya mita 6. Hata nikawaambia kamati nimewaongezea nguvu. Pasta akaniombea.

Chukua kalamu uone nilichofanya. Jointi ziko 1.24, 2.48, 3.72, 4.96. Palini zangu zikaangukia 0.89, 1.77, 2.66, 3.54, 4.43, 5.31. Toa ile ya ukutani na ile ya kileleni, hakuna hata moja imekalia jointi! Zile za 2.66 na 3.54 ziko sentimita 18 kando, hizo si mbaya sana. Lakini ya 1.77 na ya 4.43 ziko karibu katikati kabisa ya chuma, mahali hakuna mkono wowote chini yake.

Na trasi haikuundwa kwa hiyo. Mzigo ukishukia kwa jointi, mikono inagawana, mmoja unasukumwa mwingine unavutwa, na chuma cha juu kinabanwa tu kutoka ncha hadi ncha. Mzigo ukishukia katikati, kile chuma kinaanza kufanya kazi ya mbao ya benchi, kinapinda, na bado kinabanwa wakati huohuo. Changu kilikuwa engo laini moja, chuma cha umbo la L, milimita 40 kwa 40, unene 4. Ukiibana na kuipinda pamoja inachoka haraka.

Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Wa pili wakaweka dari ya jipsamu, wakaining'iniza kwa palini. Bodi ya jipsamu ya kawaida ni kama kilo 9 au 10 kwa kila mita mraba, ongeza fremu yake. Ule mchoro wangu wa zamani haukuwa na dari. Hakuna aliyeniuliza na sitasema ni makosa yao, mimi pia sikuwa nimewaambia wasining'inize kitu.

Mwezi wa saba mwaka uliofuata nikapigiwa. Dari imepasuka mstari mrefu sambamba na ukuta, na kuna madoa ya hudhurungi yanashuka. Wakawa wameshamlaumu fundi wa dari, wakamnyima balansi yake. Nilipofika yule kijana alikuwa amekaa nje kwa mfuko wa simiti, aliniangalia tu. Mpaka leo nikimkumbuka naskia vibaya.

Nikapanda juu na kamba. Hii ndiyo njia rahisi ya kujua, haihitaji mashine: vuta kamba kutoka jointi hadi jointi kando ya chuma cha juu, usawa wa ukingo wake wa juu, ikaze, halafu pima nafasi katikati. Chuma kilikuwa kimeshuka chini ya kamba milimita 12 pale palini ya 1.77 ilipo. Trasi ya pili hivyo, ya tatu hivyo, mpaka ya sita. Ya kwanza na ya saba zilikuwa sawa kabisa. Hapo nikakaa chini. Trasi za mwisho zinabeba nusu ya mzigo kwa sababu zina paa upande mmoja tu, kwa hivyo kama zile tano za katikati zimepinda na hizi mbili zimenyooka, si chuma kibovu, si ukuta umeshuka, ni mzigo, na ni mimi niliuweka hapo.

Yale madoa nayo yalikuwa hadithi ileile. Kliti, vile vipande vya chuma vinavyoshika palini kwa trasi, za ukutani na za kileleni nilizichomelea chini, nikasugua, nikapaka praima nikiwa nimesimama vizuri. Lakini zile laini nilizosogeza nilichomelea kliti zake nikiwa juu, trasi zimeshapakwa rangi, jua linawaka, vijana wanataka kwenda. Nilikuwa na rodi ya kuchomelea ya milimita 3.2 na amp kama 130 kwa chuma cha milimita 4, nikitaka kumaliza haraka. Chuma kikaliwa pembeni ya weldi, ile mfereji mdogo ambao ukipitisha ukucha unaingia. Rodi ya 2.5 kwa amp 80 hivi ingetosha na ingekaa sawa. Halafu slagi, lile ganda rodi inaacha juu ya weldi, sikuitoa yote, nikapitisha brashi ya rangi juu yake.

Rangi juu ya slagi haishiki chuma, inashika kigae. Nilipogonga moja na nyundo ndogo ikatoka nzima kama ganda la yai, rangi yake bado inang'aa, na chini chuma chekundu kimeanza kuchubuka. Na pembeni, sentimita 4 au 5 kila upande, praima ilikuwa imeungua na joto na hakuna aliyeirudia. Mtu atasema Nairobi si Mombasa, hakuna chumvi ya bahari, kweli, lakini Julai asubuhi bati linakuwa baridi, watu wanaimba ndani, pumzi inapanda, inageuka maji chini ya bati na inafuata palini mpaka kwa kliti. Na kliti nilikuwa nimeishika doti mbili tu, kwa hivyo kati yake na trasi kuna upenyo mwembamba unaonyonya maji na haukauki. Huwezi kupaka rangi ndani ya huo upenyo. Ni uzibe na weldi kuzunguka yote.

Safari hii nikaita injinia nikamlipa. Wazo langu lilikuwa nisimamishe kijiti kutoka kila palini mpaka chuma cha chini popote kitakapofika. Akacheka, akasema fundi, utakuwa umetoa mpindo juu ukaupeleka chini. Kijiti lazima kitue kwa jointi. Bahati yetu trasi ya zigizaga, katikati ya nafasi ya juu iko wima juu ya jointi ya chini, kwa hivyo ile ya 1.77 na ya 4.43 tuliinua chuma na jeki polepole mpaka kamba ikaguswa, tukaweka kijiti kikiegama kidogo mpaka jointi ya chini. Ile ya 0.89 karibu na ukuta haina jointi chini yake, hapo tukaongeza engo laini ya pili mgongo kwa mgongo kutoka ukutani mpaka jointi ya kwanza.

Kutu tulifanya kliti moja moja. Gonga slagi, grainda mpaka chuma kiwe cheupe na upite ile sehemu rangi iliungua, futa na thina, praima siku hiyohiyo kabla umande wa jioni, ya pili kesho, halafu rangi ya juu. Usiache redoksaidi, ile praima nyekundu, peke yake ukidhani umemaliza, ile ni ya kushikilia rangi, maji inapitisha. Siku kumi na moja, kliti karibu mia moja, na kamati ilinilipa rodi tu. Fundi wa dari nilimlipa mimi ile balansi yake.

Sasa nyinyi mnaoanza, mnanitumia picha za trasi mnauliza kama ni noma. Sioni kitu kwa picha. Nitumie urefu wa mteremko na jointi ni ngapi. Chagua bati kwanza, bati likuambie palini, palini ikuambie jointi, ndio ukate chuma. Ukibadilisha bati baada ya trasi kupanda, rudi kwa mchoro, na kama mteja anataka dari mwandikie kilo ngapi au mwambie hapana. Na mtu akikwambia kuongeza palini hakujawahi kuharibu paa, mlete kwangu.

Yule wa Ruai nilimuuliza. Holi yake mita 9, mteremko mita 4.66 kila upande, fundi wake amechora nafasi 4. Hiyo ni mita 1.17, sawa kwa geji 28. Kwa geji 30 nikamwambia agawe mara 5, zinakuja sentimita 93, na jointi zihame pamoja na palini, bahati nzuri bado hajakata. Akauliza kama itaongeza pesa. Nikamwambia ndio, laini moja zaidi kila upande na mikono michache. Akasoma, tiki mbili za bluu, hajajibu.