Bango likiondolewa, mstari mwekundu huondoka nalo

Juzi msomaji ameniandikia kwamba ana mabango na picha za vichekesho anazotaka kuwatumia wenzake wasioona, ambao simu zao huwasomea kwa sauti. Anauliza kama inatosha kuzipitisha kwenye OCR, ile programu inayotambua herufi ndani ya picha, kisha anakili kinachotoka. Haitoshi, na swali lake limenigusa kwenye kidonda.

Niliwahi kufanya hivyo kwa bango la semina ya siku mbili. Kushoto kulikuwa na safu ya Jumamosi, kulia ya Jumapili. Saa 10 ya Jumapili ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu: saa 8. Programu ikanipa hivi:

```
JUMAMOSI JUMAPILI
Saa 3 asubuhi Saa 10 jioni
Ukumbi Mkuu Chumba 1O
```

Niliona maneno yametoka safi, nikayatuma bila picha. Rafiki yangu asiyeona alifika Jumapili kabla ya saa 10, akakuta viti vinakusanywa. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

Tazama kilichopotea. Mstari mwembamba si herufi, kwa hiyo programu ililisoma neno lililofutwa kana kwamba bado lina nguvu. Mwandiko wa kalamu iliuruka. Safu mbili ilizisoma kwa kukatiza, kushoto hadi kulia, mpaka siku, saa na mahali vikachanganyika. Tena sifuri ya chumba imegeuka herufi O, kosa ambalo jicho halilioni. Nilipaswa kuchapa upya hivi:

```
Jumamosi: saa 3 asubuhi, Ukumbi Mkuu.
Jumapili: saa 8 mchana (si saa 10 tena), Chumba 10.
```

Tarakimu zote, hasa za simu na tarehe, zichape kwa mkono ukiitazama picha. Usizinakili.

Kwenye vichekesho hasara ni kubwa zaidi, maana hapo OCR inaweza isikosee hata herufi moja na bado usibaki na kitu. Chukua picha ya mtu kitandani, blanketi hadi shingoni, simu sikioni, na juu yake maneno "Nipo njiani, nakaribia." Toa picha, imebaki taarifa ya kawaida ya msafiri. Kichekesho kilikuwa kwenye lile blanketi. Basi andika: "Mtu amelala, kajifunika blanketi hadi shingoni, anasema kwenye simu: Nipo njiani, nakaribia." Rangi ya shuka iache, haibadilishi kitu. Msemaji akiwa zaidi ya mmoja, taja nani anasema nini, kwa mpangilio ambao jicho lingeufuata.

Kabla ya kutuma, msomee mtu ambaye hajaiona picha, kisha muulize aje siku gani, saa ngapi, wapi. Akisita, rudi kwenye picha. Siku hizi humsomea yule rafiki yangu kwanza, na bado huniuliza: "Hakuna kilichokatwa?"