Barua ya kusitisha mafunzo kwa vitendo kabla ya muda wake

Kwa mwanafunzi atakayelazimika kuondoka mahali pa mafunzo kabla ya wiki zake 8 kwisha, naeleza nilivyoandika barua yangu mara mbili, na kwa nini ile ya kwanza haikufaa.

Mwaka 2022 nilikuwa nasomea uhasibu, na mafunzo yangu katika ofisi ya fedha ya taasisi moja yalikuwa ya kuanzia 18 Julai hadi 9 Septemba. Katika wiki ya nne mama alifanyiwa upasuaji, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumuuguza baada ya kuruhusiwa. Siku hiyohiyo niliandika mistari mitatu kwamba nimeamua kuacha mafunzo "kwa sababu za kifamilia", nikaiacha barua masijala. Mratibu wa mafunzo chuoni alizipata habari hizo alipompigia simu msimamizi wangu wa kazini kupanga siku ya mhadhiri kuja kunikagua. Ukaguzi huo una alama zake, na aliyekwisha kuondoka hakaguliwi.

Mratibu alinikumbusha kwamba nafasi ile niliombewa na chuo kwa barua ya utambulisho, hivyo sikuwa na mamlaka ya kuifunga peke yangu. Akanielekeza niiondoe barua ya kwanza na kuandika nyingine kwa mkuu wa taasisi, kupitia kwa msimamizi wangu, nakala kwake yeye. Kiini chake kilikuwa hiki:

"YAH: OMBI LA KUSITISHA MAFUNZO KWA VITENDO KUANZIA 19 AGOSTI 2022

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kusitisha mafunzo baada ya wiki 5, kwa kuwa mama yangu aliyefanyiwa upasuaji ataruhusiwa kutoka hospitalini 20 Agosti nami ndiye nitakayemuuguza. Kabla ya tarehe hiyo nitakamilisha usuluhishi wa benki wa mwezi Julai na kukabidhi majalada ya hati za malipo niliyopewa. Naomba pia nijaziwe fomu ya tathmini kwa wiki nilizofanya kazi."

Neno "naomba" lilikuwa na uzito wake, kwa sababu ombi hujibiwa, na jibu la maandishi ndilo lililoingia katika jalada langu chuoni. Sababu niliieleza kwa sentensi moja tu, nikaambatisha nakala ya cheti cha daktari. Maelezo marefu ya ugonjwa wa mzazi hayamhusu kila atakayeishika barua. Tarehe nayo iliwapa nafasi: mhadhiri alifika 17 Agosti, akanikagua nikiwa bado mezani pangu.

Siku ya mwisho hakikisha kila ukurasa wa wiki katika kitabu cha kumbukumbu za kila siku umesainiwa na kugongwa muhuri. Wangu wa wiki ya tatu ulikuwa hauna saini, nami niliugundua saa 9 alasiri, msimamizi akiwa anafunga ofisi. Wiki 3 zilizobaki nilizifidia likizo iliyofuata, kwa barua mpya ya utambulisho.