Salamu za mama bila "nguzo ya familia"

"Mama anatimiza miaka 60 Jumamosi. Kila nikiandika inatoka 'nguzo ya familia'. Nifanyeje?"

Chukua siku moja tu, uieleze ilivyokuwa. Mimi niliandika hivi: "Mama, ulishuka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni, ukarudi na viatu vyangu vya shule ndani ya kanga. Vilikuwa vikubwa, ukavijaza magazeti."

Hayo magazeti ndiyo yalimliza. Neno upendo sikuliandika kabisa.

Ila hakiki kwanza na ndugu zako. Mimi niliongeza kwamba kanga ilikuwa nyekundu, dada akanisahihisha mbele ya wageni wote. Na kama kisa kinagusa deni au ugomvi na baba, mwambie mkiwa jikoni, si kwenye kipaza sauti.