Anzeni na saa za getini, semina ije baadaye

*"Wakuu, nipo rasilimali watu. Idara yetu ya huduma kwa wateja watu wanachoka sana, wanatoka usiku, na dada mmoja amelalamika kwamba msimamizi anamwonea. Mkurugenzi anataka tulete mtaalamu atoe semina ya siku moja ya kukabiliana na msongo. Je, itasaidia? Kama haitoshi, tuanzie wapi?"*

Mkuu, nimekuwa afisa usalama mahali pa kazi kwa miaka mingi, na semina ya namna hiyo nimeshaiandaa mwenyewe. Ilikuwa kwenye ghala la kupokea na kusafirisha oda, watu 26, zamu mbili. Mtaalamu alikuja, akafundisha kupumua, kulala vizuri na kupanga muda. Watu walimsikiliza kwa heshima, halafu jioni ile ile wakabaki kazini mpaka saa 4 usiku. Wiki ya tatu baada ya semina, dereva wa foklifti aliyekuwa amefanya kazi siku 9 mfululizo aligonga rafu, na shehena ikaanguka hatua chache tu kutoka alipokuwa mwenzake. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza watu wetu wana udhaifu gani, nikaanza kuuliza kazi yetu imepangwaje.

Msongo, uonevu na saa ndefu vishughulikieni kama mnavyoshughulikia mashine isiyo na kinga. Kwa mashine, kwanza unaondoa hatari, ukishindwa unaitenga na watu, na vifaa kinga vya kuvaa vinakuja mwisho kabisa. Semina ya kuvumilia msongo ni kifaa kinga. Ina nafasi yake, lakini ukiitanguliza unamwambia mfanyakazi kwamba tatizo ni yeye. Kiwango cha kimataifa cha ISO 45003 kilichotoka mwaka 2021 kinafuata mtazamo huo huo: vihatarishi vya kisaikolojia na kijamii vinatafutwa kwenye mpangilio wa kazi, mahusiano ya watu na mazingira yao, kisha vinadhibitiwa huko huko.

Sisi tulianza na saa, kwa sababu saa zinahesabika na hakuna anayeweza kubishana nazo. Nilichukua orodha ya malipo ya wiki 12, ikaonyesha wastani wa saa 51 kwa wiki kwa kila mtu. Nilipochukua kumbukumbu za geti za wiki hizo hizo, wastani ukawa saa 60. Tofauti ile ya saa 9 ilinishtua. Watu walikuwa wanagonga kadi ya kutoka, kisha wanarudi ndani kumalizia mzigo, kwa sababu mkuu wa zamu alikuwa amepewa kikomo cha saa za ziada asichotakiwa kukivuka. Kwenye karatasi kampuni ilikuwa inafuata utaratibu. Kwa hiyo msitegemee orodha ya malipo peke yake. Ilinganisheni na geti, na muda ambao watu wanaingia na kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, na saa ambazo ujumbe wa kazi unatumwa kwenye simu zao.

Kwa nini saa 60 ni jambo la usalama? Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa takriban asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Nilipomweka mkurugenzi mbele ya takwimu hizo na ile rafu iliyoanguka, neno semina halikutajwa tena.

Hatua ya pili ilikuwa kuzungumza na watu. Tuliwakutanisha watano watano bila msimamizi yeyote chumbani, na mwongozaji alitoka idara nyingine. Hatukuuliza "una msongo?" kwa sababu jibu la swali hilo ni "hapana, niko sawa", hasa kwa anayeogopa kupoteza kazi. Tuliuliza kuhusu kazi: ni saa ngapi ya siku mambo huwazidi, ni nani hubadilisha mpango na huwaambia lini, ukikwama unamwita nani, na ni jambo gani ukilisema litakuletea matatizo. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza ina mambo sita ya kuangalia, nami naona yanatosha kabisa kuongoza mazungumzo: mzigo wa kazi, uhuru wa mtu juu ya kazi yake, msaada anaopata, mahusiano, uwazi wa majukumu, na namna mabadiliko yanavyoletwa. Dodoso la siri pia linafaa, ila idara ikiwa na watu wachache msitoe majibu yake peke yake. Kwenye kundi la watu wanane, kila mtu anajua nani kaandika nini.

Makundi yote yalisema jambo moja. Idara ya mauzo ilikuwa inapokea oda mpaka saa 11 jioni na kumwahidi mteja kwamba mzigo utaondoka usiku ule ule. Mchana watu walikaa wakisubiri, kuanzia saa 11 wakazidiwa. Mkuu wa zamu alibanwa na lengo asiloweza kulifikia kwa watu aliokuwa nao, akawa analifikia kwa kufoka, kwa kuficha rosta mpaka siku yenyewe, na kwa kuwanyima likizo waliolalamika. Saa ndefu, msongo na uonevu vilikuwa vinatoka kwenye chanzo kimoja, na chanzo hicho hakikuwa hata ndani ya ghala.

Tukasogeza mwisho wa kupokea oda za siku hiyo hadi saa 8 mchana. Mkuu wa mauzo alikataa katakata mwanzoni. Sikumshinda kwa hoja ya afya. Nilihesabu mizigo iliyorudishwa na wateja kwa wiki tatu nikaipanga kwa saa iliyofungashwa, na zaidi ya nusu ilikuwa imefungashwa baada ya saa 2 usiku. Alipoona hivyo alikubali kujaribu kwa mwezi. Tuliongeza mambo mengine machache: mapumziko ya muda wa saa 11 kati ya zamu na zamu, rosta kubandikwa wiki mbili kabla, na mtu yeyote atakayepita saa 48 kwa wiki ruhusa yake isainiwe na mkurugenzi mwenyewe, si mkuu wa zamu. Hilo la saini ndilo lililofanya kazi kuliko yote, kwa sababu anayeamua idadi ya wafanyakazi alianza kuona gharama ya uamuzi wake kila wiki mezani.

Kufikia wiki ya 10 saa za getini zilikuwa zimeshuka hadi 48. Lakini kuna jambo hatukulifikiria, nawe usilisahau: wapo waliokuwa wakiendesha nyumba zao kwa malipo ya saa za ziada. Kwao nafuu ile ilikuwa pengo la mshahara, na wawili walikuja kwangu kwa uchungu kabisa. Ilibidi turudi kuzungumza na wawakilishi wa wafanyakazi, saa zipunguzwe hatua kwa hatua, na posho ya zamu ya usiku ipandishwe. Tungewahusisha tangu mwanzo tungeliona mapema.

Sasa huyo dada yako. Lalamiko lake lisisubiri tathmini iishe. Kupunguza mzigo kunapunguza kufoka kwa jumla, lakini hakumalizi uonevu uliomlenga mtu mmoja. Kwetu pia mkuu wa zamu alikuwa na mtu wake, mama aliyewahi kuandika taarifa ya ajali. Alipangwa peke yake kwenye kazi nzito, akaondolewa kwenye kundi la simu ambako zamu zilitangazwa, kisha akapewa onyo kwa kuchelewa zamu ambayo hakuambiwa. Mzigo ulipopungua, wengine walipumua, lakini yeye hali yake haikubadilika. Hapo ukajua kwamba kilichobaki hakitokani na kazi kuwa nyingi.

Utasikia msimamizi akisema "mimi ni mkali tu". Angalieni vitendo. Mkali wa haki anakosoa kazi, anasema kasoro ni ipi, anakusema mkiwa wawili, na kipimo chake ni kile kile kwa wote. Mwonevu anamlenga mtu, anamdhalilisha mbele ya wenzake, anamficha taarifa anazohitaji, anampa lengo lisilowezekana kisha anamwadhibu kwa kulikosa. Wala msingoje mambo yajirudie mara nyingi ndipo mchukue hatua: Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unatambua ukatili na unyanyasaji kazini hata kama ni tukio moja.

Hapa nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Fomu yetu ya malalamiko ilipaswa kupitia kwa msimamizi wa karibu, yaani kwa mtu yule yule anayelalamikiwa, na sikuliona hilo kwa miaka miwili. Nilikuwa najivunia kwamba hatuna malalamiko. Tulipobadilisha, tuliteua wapokeaji wawili nje ya mnyororo wa madaraka, mwanamke na mwanamume, jibu la kwanza ndani ya siku tatu, na uchunguzi ukafanywa na mtu asiyeripoti kwa mkuu wa idara. Wakati uchunguzi unaendelea, aliyehamishwa kwa muda ni mtuhumiwa, bila kumhukumu. Ukimhamisha mlalamikaji umewafundisha wengine wote wanyamaze. Mwombeni dada huyo aandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, na atunze ujumbe wa simu. Naye mtuhumiwa asikilizwe kwa kina kile kile, aonyeshwe tuhuma zenyewe na apewe nafasi ya kuzijibu.

Mkuu wa zamu wetu alivuliwa uongozi. Yule mama aliondoka miezi minne baadaye hata hivyo. Aliniambia hana chuki na mtu, ila kila akifika getini tumbo linamkata. Kuna madhara ambayo yakishatokea, mpangilio mzuri wa kazi hauyarudishi nyuma, na hapo ndipo ushauri nasaha na matibabu yanapohitajika, yagharamiwe na mwajiri, na siri ya mgonjwa isifike ofisini.

Ukianza kupima matokeo, tegemea malalamiko yaongezeke miezi ya kwanza. Mkurugenzi atasema mmeharibu. Mwambie mapema kabla hayajaja: watu wameanza kuamini kwamba wakisema watasikilizwa. Saa za getini na makosa ya kazi ndiyo yanashuka kwanza, siku za ugonjwa na watu kuacha kazi vinachelewa, kwetu ilichukua karibu mwaka.

Bajeti ya semina usiirudishe. Itumieni kuwafundisha wasimamizi namna ya kupanga zamu, kumkosoa mtu bila kumvunjia heshima, na kupokea lalamiko. Kwa wiki hii omba kumbukumbu za geti na za mfumo wa simu za wateja kwa miezi mitatu, zikae bila majina, uziweke sambamba na orodha ya malipo. Ukipata tofauti, rudi hapa tuangalie inaanzia saa ngapi ya siku, maana saa hiyo ndiyo itakayokuonyesha idara gani ya kwenda kuongea nayo.